Nembo Ni Picha Tu: Kabla Hujalipa, Muulize Aliyeitoa

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, binamu yangu alinitumia linki ya tovuti saa nne usiku. Chini yake aliandika: "Hebu niangalilie hawa watu. Wanaonekana wako sawa, si ndio?" Ilikuwa kampuni ya utalii. Walikuwa wanauza Diani siku nne, watu wawili, hoteli, chakula na usafiri, kwa bei nzuri kweli ukilinganisha na Desemba ya kawaida. Nikafungua. Tovuti safi, picha nzuri za bahari, na chini kabisa ya ukurasa nembo zimejipanga kama medali kifuani mwa jenerali. Kulikuwa na mstari ulioandikwa "Tumeonekana kwenye" wenye nembo nne za magazeti na vituo vya televisheni. Kulikuwa na tuzo ya kijani ya TripAdvisor, beji ya chama cha waendeshaji utalii, na mwisho safu ya "Washirika wetu" ambamo nembo ya huduma za malipo kwa simu ilikuwa kubwa kuliko zote.

Nilimjibu asubuhi yake, baada ya kama dakika kumi na tano za kuchunguza. Nilichelewa. Alikuwa ameshatuma shilingi 18,500 usiku uleule, malipo ya kwanza ili "nafasi isiende". Nilipomuuliza kwa nini hakungoja, jibu lake lilikuwa fupi: "Si uliona zile nembo zote? Nani angewaruhusu kuweka hizo zote kama ni wezi?"

Swali hilo ndilo sababu ya makala haya. Mimi nimesomea masoko chuo kikuu, na nimewahi kuzipanga nembo kama hizo mwenyewe. Jibu la kweli ni kwamba hakuna anayemruhusu mtu. Hakuna mlinzi mlangoni. Nembo kwenye tovuti ni picha, na picha inapakuliwa kwa sekunde tatu. Msimamo wangu ni huu, na najua baadhi ya wenzangu wa masoko hawataupenda: nembo yoyote kwenye tovuti ya biashara ihesabu kuwa sufuri mpaka aliyeitoa akubali kwamba aliitoa. Usiihesabu nusu, wala usiseme "angalau wanaonekana serious". Ni sufuri.

Jinsi nilivyozipanga mimi

Wacha nianze na dhambi zangu. Nikiwa mwanagenzi kwenye kampuni moja ndogo ya matangazo hapa Nairobi, tulikuwa na mteja aliyekuwa anauza samani. Mtu halali kabisa, ana karakana, ana wafanyakazi, anapeleka mzigo kwa wakati. Bosi akaniambia tovuti yake "haina mamlaka", nimwekee mstari wa "Tumeonekana kwenye".

Nikauliza, ameonekana wapi? Bosi akacheka. Tulichofanya ni kuandika taarifa kwa vyombo vya habari, kisha tukalipia huduma ya kuisambaza. Huduma hizo zipo nyingi. Unalipa, na taarifa yako inawekwa kwenye kurasa za pembeni za tovuti nyingi za habari, zile ambazo mhariri hazipitii na msomaji wa kawaida hazifikii. Juu ya ukurasa huwa kuna maneno madogo kama "Press Release" au "Sponsored". Baada ya siku mbili tukapokea orodha ya linki. Nikachukua nembo za vyombo vilivyo na majina makubwa, nikazigeuza ziwe za kijivu ili zipendeze, nikazipanga. Hakuna mwandishi hata mmoja aliyewahi kukanyaga karakana ya yule mzee.

Je, tulidanganya? Kiufundi jina lake lilikuwa limeonekana pale. Lakini mnunuzi akiona nembo ya gazeti anaelewa kwamba gazeti lilimchunguza huyu mtu na kumwandika. Sisi tulijua ataelewa hivyo, na ndiyo maana tuliziweka.

Tuzo nazo zina biashara yake. Barua pepe ya kampuni ilikuwa inapokea ujumbe wa "Hongera, umeteuliwa!" karibu kila mwezi, kutoka kwa watu ambao hatukuwahi kuomba chochote kwao. Ukiendelea kusoma unakuta vifurushi: kombe, meza kwenye hafla, na haki ya kutumia nembo ya mshindi kwa mwaka mmoja. Kifurushi cha juu kilikuwa kinazidi posho yangu ya miezi mitatu. Usipolipa, ushindi wako unapotea kimyakimya.

Hata tuzo yenye jina la heshima inaweza kutolewa bila mtu kwenda kuangalia. Kuna kisa maarufu cha mwaka 2008. Mwandishi wa Marekani, Robin Goldstein, alibuni mkahawa ambao haukuwepo, akauita Osteria L'Intrepido, akasema uko Milan, Italia. Akatuma orodha ya mvinyo na ada ya dola 250 kwa jarida la Wine Spectator. Kwenye orodha ile alichomeka baadhi ya mvinyo ambazo jarida lenyewe lilikuwa limezipa alama mbaya. Mkahawa hewa ukapewa Award of Excellence. Jarida lilijitetea kwamba lilijaribu kupiga simu likaangukia mashine ya kurekodi ujumbe. Sikitaji kisa hiki ili kulicheka jarida. Ninachotaka uone ni kwamba tuzo ile ilipima makaratasi yaliyotumwa, na wala haikupima kama kuna jiko, meza au mpishi. Kila tuzo ina kitu inachopima, na ni juu yako kujua ni kitu gani.

Tuzipitie zile nembo moja baada ya nyingine

Sasa turudi kwa binamu. Nitakuonyesha nilichofanya asubuhi ile kwa mpangilio uleule, kwa simu yangu, bila programu yoyote ya ziada.

Kwanza nilizigusa. Beji halisi inayotolewa kwa njia ya mtandao mara nyingi huwa na linki inayokupeleka kwenye ukurasa wa biashara hiyo, ndani ya tovuti ya aliyeitoa. Zile zote zilikuwa picha zisizofunguka, isipokuwa ya TripAdvisor, ambayo ilinipeleka kwenye ukurasa wa mwanzo wa TripAdvisor. Huu ni mchezo wa kawaida. Ukurasa wa mwanzo unathibitisha tu kwamba TripAdvisor ipo duniani, na hilo ulikuwa unalijua. Linki yenye maana ni ile inayofungua ukurasa wenye jina la biashara unayotaka kuilipa.

Na hata ikifungua ukurasa wenye jina, soma anwani iliyo juu ya kivinjari. Isome ukianzia mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza, kwa sababu hapo ndipo mwenyewe anajulikana. Anwani kama hii:

```
katokenya.org.example.com/mwanachama
```

si ya KATO hata kidogo. Ni ya mwenye `example.com`, na yale maneno ya mbele ameyaandika yeye mwenyewe akupumbaze. Ndiyo sababu mimi napenda kuiandika anwani ya aliyetoa nembo kwa mkono wangu badala ya kufuata linki ya muuzaji.

Pili, nikaiangalia ile tuzo ya kijani kwa karibu. Ilikuwa imeandikwa "Certificate of Excellence 2022". Hapo sikuhitaji hata kutafuta. TripAdvisor waliacha kutumia jina hilo. Kuanzia mwaka 2020 tuzo ile inaitwa Travelers' Choice. Kwa hiyo Certificate of Excellence ya 2022 haipo, haikuwahi kuwepo. Mtu alichukua nembo ya zamani akabadilisha mwaka. Ungekuwa hujui hilo, bado ungefika palepale kwa njia nyingine: fungua TripAdvisor, andika jina la kampuni, angalia kama ina ukurasa na kama tuzo imeonyeshwa pale. Jina lile halikuwepo.

Kanuni hiyo inafanya kazi kwa tuzo yoyote. Tafuta mambo matatu: jina kamili la tuzo, mwaka, na kitengo. Beji inayosema "Best Company Award" bila mwaka wala kitengo haikupi cha kutafuta, na pengine hiyo ndiyo nia yake. Kisha nenda kwa mtoaji ukatafute orodha ya washindi wa mwaka huo. World Travel Awards, kwa mfano, huweka wateule na washindi wao kwenye tovuti yao, mwaka kwa mwaka. Na hapo uwe makini, kwa sababu mteule na mshindi ni watu wawili tofauti. Neno "Nominee" huandikwa kwa herufi ndogo, na kwenye skrini ya simu hulioni.

Tatu, magazeti. Kuna njia rahisi ya kulazimisha Google itafute ndani ya tovuti moja tu. Unaandika hivi, jina la biashara likiwa ndani ya alama za mtajo:

```
site:nation.africa "jina la biashara"
```

Unabadilisha anwani ya gazeti kulingana na nembo uliyoiona. Nikafanya hivyo kwa vyombo vyote vinne. Hakuna hata kimoja kilichowahi kulitaja jina lile.

Ukipata matokeo, kazi haijaisha. Fungua, usome juu na chini ya makala. Ukiona "Sponsored", "Partner Content" au "Press Release", ujue biashara ililipia nafasi hiyo, kama yule mteja wangu wa samani. Si kosa kulipia, lakini hilo ni tangazo, lipime kama unavyopima tangazo la redioni. Na kuna mtego mwingine: makala ni ya kweli, mwandishi ni wa kweli, ila kampuni imetajwa kwa sababu wateja wanalalamika. Hao nao "wameonekana kwenye" gazeti.

Lazima pia niseme njia hii inakomea wapi. Si kila kitu kiko mtandaoni. Mama aliyehojiwa na redio ya lugha ya nyumbani mwaka 2016 hatapatikana kwenye Google, na hiyo haimfanyi mwongo. Kwa hiyo usipopata kitu, iulize biashara swali moja: "Mlionekana lini, na kichwa cha habari kilikuwa gani?" Aliyehojiwa kweli anakumbuka. Wengi wamehifadhi hata kipande cha gazeti na wamekitundika ukutani. Asiye na jibu atakwambia "ni zamani kidogo" kisha akurudishe kwenye ofa inayoisha leo.

Beji iliyokuwa ya kweli, lakini si yao

Nne ndiyo iliyonifunza zaidi, nayo ni ile beji ya KATO, chama cha waendeshaji utalii Kenya. KATO wana orodha ya wanachama kwenye tovuti yao, `katokenya.org`, na mtu yeyote anaweza kuitazama bure. Nikaandika jina la ile kampuni. Likatokea! Karibu nimpigie binamu nimwambie atulie.

Kisha nikasoma tena, polepole. Jina la kwenye orodha lilikuwa linaishia na "Safaris". La kwenye tovuti ya binamu lilikuwa linaishia na "Tours". Maneno mawili ya mwanzo yalikuwa yaleyale. Nambari ya simu tofauti. Anwani ya barua pepe tofauti. Tovuti tofauti.

Nikapiga ile nambari ya kwenye orodha ya KATO, si ile ya kwenye tovuti. Akapokea mama mmoja, nikamweleza. Akashusha pumzi. "Hiyo si tovuti yetu, dada. Wewe ni wa tatu wiki hii kuniuliza. Kuna mmoja alifika mpaka hapa ofisini na mabegi."

Hapa ndipo watu wengi wanaojiona werevu huanguka. Wanatafuta jina kwenye orodha, wanalipata, wanafurahi, wanalipa. Lakini orodha inathibitisha kwamba kuna kampuni halali yenye jina hilo. Haithibitishi kwamba tovuti iliyo mbele yako ni ya kampuni hiyo. Tapeli mwenye akili habuni kampuni. Anaiba jina la kampuni nzuri, pamoja na nambari ya leseni yake, kwa sababu anajua wewe utakagua. Kwa hiyo ukishalipata jina, linganisha vitu vitatu: herufi za jina, anwani ya tovuti, na nambari ya simu. Kisha piga simu iliyo kwenye orodha. Nambari iliyoandikwa kwenye tovuti unayoishuku itapokelewa na mtu yuleyule anayetaka pesa zako, na bila shaka atakuhakikishia kwamba kila kitu kiko sawa.

Orodha za namna hii ziko nyingi Kenya, na nyingi ni bure. Biashara za utalii hupewa leseni na Tourism Regulatory Authority. Wanaokopesha kwa simu wanapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu, ambayo huchapisha orodha yao kwenye `centralbank.go.ke`. Mtu anayekuambia atakuzidishia pesa kwa uwekezaji, mtafute kwenye orodha ya Capital Markets Authority. Wakala wa kupeleka watu kazi Ughaibuni anatakiwa awe amesajiliwa na National Employment Authority. Wakala wa tiketi za ndege anayeonyesha beji ya IATA anapaswa kuwa na nambari yake, na IATA wana ukurasa unaoitwa CheckACode wa kuikagua.

Orodha hizi nazo huchelewa. Kampuni inaweza kuwa imelipia leseni mpya na jina lake halijapanda. Kwa hiyo jina likikosekana, usimwite mtu mwizi papo hapo. Ipigie simu ile taasisi, uliza. Lakini pesa yako ibaki kwenye simu yako mpaka upate jibu.

Na sisi tunaopitisha pesa

Nimeiacha nembo ya mwisho makusudi, kwa sababu inatuhusu sisi wenyewe. Binamu aliniambia kilichomtuliza kabisa ni nembo ya malipo ya simu chini ya neno "Washirika". Alifikiri kampuni ya malipo imewakagua.

Nitasema wazi, na nimeomba ruhusa ya kulisema hapa: nembo ya kampuni ya malipo kwenye tovuti, hata yetu, inamaanisha tu kwamba muuzaji anadai anapokea pesa kwa njia hiyo. Haimaanishi mzigo utafika. Hata kama ana nambari halisi ya Till, maana yake ni kwamba amesajiliwa kupokea malipo. Kusajiliwa kupokea pesa na kuwa mwaminifu ni mambo mawili. Neno "mshirika" hapo limetumiwa vibaya, na nadhani kampuni za malipo, ikiwemo inayonilipa mshahara, zinapaswa kulisema hili kwa sauti kubwa zaidi kuliko tunavyofanya sasa. Tunapenda nembo yetu ionekane kila mahali, lakini ikifika mahali inamtuliza mtu anayetapeliwa, nyamaza yetu inamsaidia tapeli.

Kuna kitu kimoja ambacho mfumo wa malipo unakupa na nembo haikupi, nacho ni jina la anayepokea. Kwenye ile tovuti kulikuwa na nembo kubwa, lakini binamu alipobonyeza "Weka nafasi" alipelekwa WhatsApp, na huko akapewa nambari ya kawaida ya simu. Alipotuma, jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi, lisilofanana kabisa na la kampuni. Aliliona. Aliuliza. Akajibiwa, "Huyo ni mhasibu wetu, Till iko kwa matengenezo leo." Akaendelea, kwa sababu kichwani mwake zile nembo zilikuwa zimeshashinda kesi.

Mimi ningependa jina lile liwe hakimu wa mwisho. Kampuni inayojiita mwanachama wa chama kikubwa, mshindi wa tuzo, iliyoandikwa na magazeti manne, halafu haina nambari ya biashara yenye jina lake? Simama hapo. Wapo wafanyabiashara wadogo wengi wanaopokea kwa nambari zao binafsi, na wengi ni waaminifu, lakini hao hawajipambi kwa nembo kumi. Kinachotakiwa kukushtua ni ule mgongano kati ya ukubwa wa madai na udogo wa nambari.

Usitegemee pia kwamba pesa itarudishwa. Utaratibu wa kurudisha malipo umewekwa hasa kwa anayekosea nambari, na unategemea pesa ziwe bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea. Za binamu zilitolewa muda mfupi baada ya kuingia. Alipiga ripoti polisi, akapewa nambari ya OB, na alitoa taarifa kwa kampuni ya simu. Sheria iko upande wake: Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kudai bidhaa au huduma imeidhinishwa au inafadhiliwa na mtu wakati si kweli. Lakini sheria humshika mtu anayepatikana, na tovuti ile ilizimwa kabla ya Krismasi.

"Nani ana muda wa haya yote?"

Najua utasema hivyo. Binamu naye alisema. Kwa kitu cha shilingi 300 sikushauri uanze kupiga simu KATO. Lakini pesa ikiwa ni ya kukuuma, fanya mambo mawili tu na uziache nembo zingine zote. Chagua ile moja ambayo sheria inadai biashara iwe nayo, yaani leseni au usajili, ukaikague kwa mtoaji. Kisha jiulize ni nembo ipi iliyokufanya uiamini hiyo tovuti, uikague nayo. Kwa binamu ingekuwa leseni ya Tourism Regulatory Authority na ile nembo ya malipo, na simu moja ya dakika tano ingemaliza mambo.

Na kama wewe ni mwenye biashara, nakusihi kama mtu wa kazi hii: toa kila nembo ambayo huwezi kuiwekea linki inayofungua ukurasa wenye jina lako. Weka nambari ya leseni kwa maandishi, ili mteja ainakili. Kama gazeti lilikuandika, weka linki ya makala yenyewe. Kama hujawahi kuandikwa, usiweke kitu. Yule mzee wa samani nilikutana naye tena mwezi Machi, na jambo la kwanza alilouliza ni kama zile nembo za kijivu zilikuwa na maana yoyote. Nilimwambia ukweli. Amezitoa, na mahali pake ameweka picha ya karakana yake, barabara ilipo, na saa za kufungua ili mteja aende akaguse mbao kabla ya kulipa.

Binamu alienda Diani, lakini ilikuwa Aprili, kwa treni, na aliweka nafasi kupitia ile kampuni ya "Safaris" ambayo jina lake lilikuwa limeibwa. Tovuti yao imezeeka, picha hazipendezi, na ina beji moja tu. Aliigusa, ikafunguka kwenye ukurasa wao. Kisha akapiga simu iliyo kwenye ukurasa huo, na yule mama akapokea.